Siku ya Kwanza na Wiki ya Nne

Tarehe 17 Aprili 2009 Oprah Winfrey alituma ujumbe wake wa kwanza wa Twitter akiwa hewani, mbele ya watazamaji wa kipindi chake. Mtandao huo ulikuwa na umri wa miaka mitatu tu, na wageni walikuwa wakiingia kwa wingi usiowahi kuonekana. Kabla mwezi haujaisha, David Martin wa Nielsen Online akachapisha hesabu iliyozua ubishi mkubwa. Zaidi ya asilimia 60 ya Wamarekani waliotumia Twitter mwezi mmoja, aliandika, hawakuonekana tena mwezi uliofuata. Facebook na MySpace zilipokuwa changa kama Twitter, zilikuwa zikibakiza watu mara mbili ya kiwango hicho.

Wapenzi wa Twitter walimjia juu. Walisema amehesabu tovuti peke yake, ilhali watumiaji sugu walikuwa wameshahamia kwenye programu za pembeni kama TweetDeck. Martin akarudia kazi, safari hii akijumuisha tovuti na programu nyingine kama 30, na jibu likabaki karibu lile lile.

Hata hivyo hesabu yake ilikuwa na upungufu ambao ubishi ule haukuugusa. Alichukua watumiaji wote wa mwezi, wa zamani na wa juzi, akawatia kwenye chungu kimoja na kuuliza ni wangapi waliorudi. Tuseme mtandao una watu 1,000 wa zamani na wageni 3,000. Wazee wakirudi kwa asilimia 80 na wageni kwa asilimia 25, jumla inakuwa watu 1,550 kati ya 4,000, yaani takribani asilimia 39. Mtandao mwingine unaweza kupata asilimia 39 hiyo hiyo kwa sababu kila mtu, mpya kwa mkongwe, anaondoka kwa kasi moja. Wa kwanza una msingi wa watu waliotulia, na shida yake ni namna unavyopokea wageni. Wa pili hauna mtu wa kumtegemea hata mmoja. Wastani wa mwezi hauwezi kuitofautisha.

Josh Elman, aliyejiunga na Twitter mwaka huo huo wa 2009 kusimamia bidhaa, ameeleza hadharani jinsi timu yake ilivyoanza kuwatazama watu mmoja mmoja badala ya jumla. Waligundua kwamba mtu aliyeitembelea Twitter angalau mara 7 kwa mwezi alikuwa karibu na hakika ya kurudi mwezi uliofuata. Kumbe waliotulia walikuwapo, ila walifunikwa na wimbi la waliokuja kuchungulia. Kuanzia hapo swali halikuwa tena kama watu wanabaki, bali nani anabaki, na alifanya nini siku zake za mwanzo.

Chombo cha kulijibu swali hilo ni jedwali la marika. Wataalamu wa takwimu za watu walilizoea zamani: ukitaka kujua watoto wangapi wanafikisha miaka mitano, huwachanganyi waliozaliwa mwaka huu na waliozaliwa miaka 20 iliyopita. Unawapanga kwa mwaka wa kuzaliwa na kuwafuata. Kwa programu ya simu, kuzaliwa ni siku ya kwanza mtu alipoifungua. Wote walioanza kati ya Jumatatu na Jumapili ya wiki moja wanakuwa rika moja, na rika hilo haliongezeki tena. Wanaobaki wanahesabiwa juu ya idadi ile ile ya mwanzo, siku zote.

Vipimo viwili ndivyo vinavyotajwa zaidi, na kila kimoja kina jambo lake. Kiwango cha siku ya 1 ni sehemu ya rika waliofungua tena programu siku iliyofuata ile waliyoanza. Siku ya kuanza yenyewe huitwa siku ya 0. Kinapima mapokezi: je, mtu alielewa kitu hiki ni cha nini, alifanikiwa kufungua akaunti, alipata sababu ya kurudi baada ya kulala? Kiwango cha wiki ya 4 ni sehemu ya rika waliorudi angalau mara moja katika wiki hiyo nzima. Kufikia hapo ugeni umekwisha, zawadi za kukaribishwa zimekwisha, na mtu amepitia mwisho wa mwezi mmoja na mambo yake yote. Anayefungua programu wakati huo anaifungua kwa sababu imepata nafasi katika shughuli zake.

Kabla ya kusoma tarakimu yoyote, msomaji makini huuliza wiki zimehesabiwaje. Kama wiki ya 0 ni siku ya 0 hadi ya 6, wiki ya 4 ni siku ya 28 hadi ya 34. Wengine huanza na wiki ya 1, na kwao wiki ya 4 huanza siku saba mapema. Kampuni mbili zinaweza kutaja neno moja na kupima vitu viwili. Sura hii inatumia hesabu ya kwanza.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye sura ya mambo yanayotokea kila siku. Programu ya daftari la madeni imetengenezwa kwa wenye maduka ya mtaani: mteja akikopa sukari, mwenye duka anaandika jina na kiasi, na mwisho wa mwezi mkopaji anatumiwa ujumbe. Marika manne ya Septemba 2025 yanasomeka hivi:

| Rika (wiki inayoanza) | Walioanza | Siku ya 1 | Wiki ya 1 | Wiki ya 2 | Wiki ya 3 | Wiki ya 4 |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 1 Septemba | 1,000 | 34% | 30% | 22% | 19% | 18% |
| 8 Septemba | 1,100 | 35% | 31% | 23% | 19% | 18% |
| 15 Septemba | 4,000 | 52% | 28% | 13% | 8% | 6% |
| 22 Septemba | 1,200 | 46% | 37% | 26% | 21% | 19% |

Anza na mstari wa kwanza, ukiusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Iache kwanza safu ya siku ya 1, maana hiyo ni siku moja tu na zile nyingine ni wiki nzima. Hazilinganishwi moja kwa moja. Kutoka wiki ya 1 hadi ya 2 wamepungua kwa alama 8. Kisha 3. Kisha 1. Mteremko unakaribia kulala. Hilo ndilo jambo la kutafuta kuliko ukubwa wa tarakimu yenyewe: watu 180 kati ya 1,000 wamebaki, na dalili ni kwamba wengi wao watakuwapo pia wiki ya 5 na ya 6. Programu inayobakiza asilimia 18 iliyotulia ina msingi wa kujengea, kwa sababu kila rika jipya linaacha watu wake juu ya waliotangulia. Inayoonyesha asilimia 25 wiki ya 4 huku ikiendelea kushuka alama 6 kila wiki haina msingi huo, hata kama taarifa yake kwa wawekezaji inapendeza zaidi.

Mstari wa tatu ni wa kuumiza. Wiki ya tarehe 15 kampuni ilitangaza promosheni: anayefungua akaunti na kurudi siku inayofuata anapewa vocha ya shilingi 1,000. Watu 4,000 waliitikia. Kiwango cha siku ya 1 kiliruka hadi asilimia 52, na grafu ya watumiaji wote ikapanda kama haijawahi kupanda. Mtu anayesoma siku ya 1 peke yake angeagiza promosheni iendelee. Lakini fuata mstari: 28, 13, 8, 6. Waliobaki ni 240.

Piga hesabu ya gharama yake. Waliorudi siku ya 1 ni 2,080, kwa hiyo vocha zilikula shilingi 2,080,000. Bila promosheni, wiki ya kawaida ingeleta watu kama 1,100 na kuwaacha 198. Promosheni basi imeongeza watu 42 waliobaki, na kila mmoja amegharimu karibu shilingi 50,000. Hii haina maana kwamba vocha haifai kamwe. Ina maana kwamba bei yake halisi haionekani mpaka wiki ya 4 ifike, na wakati huo bajeti ya mwezi mwingine huwa imeshapitishwa.

Angalia pia wastani unavyoficha. Ukijumlisha marika matatu ya mwanzo, waliobaki wiki ya 4 ni 618 kati ya 6,100, yaani asilimia 10. Hakuna rika hata moja lililobakiza asilimia 10. Ni tarakimu isiyomhusu mtu yeyote, na ndiyo inayowekwa juu kabisa ya dashibodi nyingi.

Mstari wa nne una fundisho la aina nyingine. Kabla ya tarehe 22 wahandisi waliiondoa fomu ya usajili mwanzoni, ili mwenye duka aandike deni la kwanza ndipo aombwe namba ya simu. Ni hatua inayojulikana katika fani. Duolingo walifanya kitu cha namna hiyo walipomruhusu mgeni kuonja somo kabla ya kujisajili, na Gina Gotthilf, aliyesimamia ukuaji wa kampuni hiyo, amesimulia kwamba watumiaji wa kila siku waliongezeka kwa kama asilimia 20. Katika mfano wetu siku ya 1 imepanda kutoka 35 hadi 46. Mlango umepanuka kweli. Lakini wiki ya 4 imefika 19 tu, na kwa rika la watu 1,200, alama moja haizidi mtikisiko wa kawaida wa bahati. Tarakimu hiyo ingeweza kuwa 17 au 21 bila lolote kubadilika. Watu 11 zaidi katika kila 100 wameingia sebuleni, wakatazama, wakaondoka baadaye kidogo kuliko wenzao.

Mameneja wengi hukata tamaa hapa, na si haki. Kupanua mlango ni kazi halali, ila haitibu kinachokosekana ndani. Siku ya 1 ikipanda na wiki ya 4 ikabaki palepale, kasoro iko katikati: pengine mwenye duka anaandika madeni wiki mbili, kisha wateja hawalipi haraka kuliko walivyokuwa wakilipa kwa daftari la karatasi, naye anarudi kwenye daftari. Hilo halirekebishwi na skrini ya ukaribisho. Na siku ya 1 ikishuka huku wiki ya 4 ikisimama imara, mambo ni kinyume chake: wanaoelewa wanapenda, ila wengi hawafiki mahali pa kuelewa. Vipimo viwili vikisomwa pamoja vinaelekeza mahali pa kuchimba. Kimoja peke yake hakielekezi.

Ukubwa wa rika ni wa kuangaliwa kila mara. Rika la watu 100 likionyesha asilimia 18, kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya kama 11 na 26. Kampuni changa yenye wageni 100 kwa wiki ikishangilia kwamba imetoka 15 hadi 21, inashangilia upepo. Ni afadhali ikusanye marika ya mwezi mzima.

Subira ina kipimo chake pia. Rika la tarehe 1 Septemba linajumuisha aliyeanza Jumapili tarehe 7, na siku yake ya 34 ni tarehe 11 Oktoba. Ukifungua jedwali tarehe 6 Oktoba, wenye wiki kamili ya 4 ni wa Jumatatu peke yao. Wengine bado wana siku za kurudi. Tarakimu itaonekana ndogo, na rika changa zaidi litaonekana baya zaidi, hata kama hakuna kilichoharibika. Taarifa nyingi za hofu kwamba watumiaji wapya wanaondoka zaidi kuliko wa zamani huzaliwa hapa. Dawa yake ni kuacha kisanduku kitupu mpaka mtu wa mwisho wa rika amalize wiki yake.

Jedwali husomwa pia kwa mshazari. Mnamo 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Wiki kama hiyo hulikuta rika moja likiwa wiki ya 1, jingine wiki ya 2, jingine wiki ya 4. Kwenye jedwali, pengo linapita kona kwa kona likigusa kila rika mahali tofauti. Ukiona umbo hilo, usiilaumu programu wala matangazo; kitu kilitokea nje, kwenye kalenda. Kosa la mapokezi huonekana kama mstari mmoja mzima ulio dhaifu. Udhaifu wa bidhaa yenyewe huonekana kama safu ile ile ikishuka kwa kila rika, wiki baada ya wiki.

Kuna kosa moja la kiufundi ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kulichunga, nalo ni saa. Ripoti ikiwa imewekwa saa za Los Angeles, usiku wa manane wa kule ni saa nne au saa tano asubuhi ya Dar es Salaam na Nairobi, kutegemea majira. Mwenye duka anayeiweka programu saa tatu asubuhi na kuifungua tena saa nane mchana wa siku ile ile, ripoti inasema amerudi kesho yake. Siku ya 1 inavimba bila mtu kulala na kuamka. Wiki ya 4 haiathiriki sana, maana dirisha lake ni la siku saba, na hiyo ndiyo dalili: siku ya 1 nzuri mno isiyofanana na kinachofuata. Kukagua ni rahisi. Chukua akaunti ishirini zilizohesabiwa kuwa zimerudi siku ya 1, tazama saa halisi za kufungua, uone ngapi zina usiku katikati.

Kurudi nako kunahitaji maana. Arifa ikimwambia mtu kwamba ana ujumbe, akabonyeza, akatazama sekunde mbili na kufunga, mifumo mingi itamhesabu kuwa amebaki. Kwa daftari la madeni, kurudi kwa maana ni kuandika deni au malipo. Jedwali la kitendo hicho huwa na tarakimu ndogo kuliko lile la kufungua tu, na linastahili kuaminiwa zaidi. Vilevile simu ya hifadhi ndogo hufutwa programu ili kupisha picha, kisha mtu huiweka tena. Akitambuliwa kwa kifaa badala ya akaunti, atahesabiwa mara mbili: ametoweka katika rika la zamani, na amezaliwa upya katika jipya.

Mwisho kuna suala la mwendo wa shughuli yenyewe, na hapa vipimo vya kuazima hudhuru kweli. Siku ya 1 ilipata umaarufu kwenye michezo ya simu na mitandao ya kijamii, vitu ambavyo mtu huvigusa kila siku. Chukua badala yake programu ya kikoba. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea hadi Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda. Vikundi vingi hukutana mara moja kwa wiki. Katibu akiingiza hisa za Jumamosi hana cha kufanya Jumapili. Siku ya 1 ya programu hiyo inaweza kuwa asilimia 9 na isiwe na ubaya wowote. Kipimo chake cha mapokezi ni wiki ya 1: je, kikao cha pili kiliandikwa humo?

Wiki ya 4 kwa kikoba inamaanisha kikao cha tano, na hapo inasema mengi. Ila anayehesabiwa asiwe mwanachama. Katika kikundi cha watu 25, mara nyingi ni simu ya katibu peke yake inayofanya kazi. Wenzake 24 walijisajili siku ya uzinduzi kwa sababu waliombwa, wakatazama salio mara moja, basi. Jedwali la watu litaonyesha programu inayokufa, wakati vikundi 70 kati ya 100 vinaandika kila kikao. Rika lipangwe kwa kikundi, na kurudi kuwe ni kikao kilichofungwa hesabu zake.

Tena vikundi hivi huvunja kibubu baada ya miezi kama 9 hadi 12, wanachama wakagawana akiba na faida. Wakati huo kikundi huweza kunyamaza kwa wiki kadhaa, na jedwali la wiki litaonyesha maporomoko ambayo si kuondoka kwa mtu. Anayetaka kujua kama programu inabakiza vikoba atalazimika kuchora jedwali la pili, ambalo siku yake ya 0 ni siku ya mgao, na safu yake ya kwanza ni kikao cha kwanza cha mzunguko mpya.